L ya Mzee Venanti

Mjini Kasulu walikuwa wakisema kwamba Siti Salumu angeweza kumuuzia taa mtu aliyekaa juani, na mtu huyo akaondoka akishukuru kwa kutukanwa kidogo. Ulimi aliurithi kwa mama yake, mwanamke wa Ujiji asiyeacha neno lipite bila kulivisha pembe. Kwa baba yake, Muha wa Heru Juu aliyelima mihogo na maharage, alirithi kimo na, kwa maneno yake mwenyewe, mzigo wa kuwaeleza watu kila siku kwamba yeye si mtu wa shamba.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuuza katika duka la Nuru Bora, karibu na soko, mali ya Bwana Shamsi. Waliuza paneli za sola, batri, taa na nyaya. Mwaka 2013 Bwana Shamsi alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amesikia mahali kwamba biashara isiyo na ukurasa wa Facebook ni sawa na maiti isiyo na msiba. Akampa Siti simu mpya yenye kioo kikubwa na kumwambia, "Binti, tufufue."

Kwa miezi minane Siti aliweka picha za paneli na bei zake. Wakawa wanapata laiki kumi na tatu, tano zikiwa za ndugu zake Bwana Shamsi na moja ya Bwana Shamsi mwenyewe.

Kisha siku moja mwezi wa pili mwaka 2014, mshindani wao wa Kibondo, Reverien Nkunzimana, mwenye duka la Mwanga Sola, aliweka tangazo lenye maandishi mekundu: BATRI ZETU HAZIFI. Siti alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Aliliangalia lile tangazo, akafuta vidole kwenye gauni, akaandika chini yake kwa jina la duka: "Hazifi kwa sababu hazijawahi kuwa hai. Poleni kwa msiba wa kudumu. Wenu, Nuru Bora."

Kufika saa kumi alasiri, laiki zilikuwa mia nne. Mtangazaji wa redio moja ya mbali alilisoma neno lile hewani na kucheka mpaka wakaweka muziki. Bwana Shamsi, aliyekuwa anasikiliza redio hiyo akinyolewa, alitoka kwa kinyozi na ndevu upande mmoja.

"Ni wewe?" akauliza akiingia dukani.

"Ni sisi, bosi. Imeandikwa Nuru Bora."

"Endelea," akasema. "Endelea hivyohivyo."

Siti akaendelea. Mtu akiuliza bei, anajibiwa: "Bei iko dukani, miguu unayo." Mtu akilalamika kwamba paneli ni ghali, anajibiwa: "Koroboi bado zinauzwa, kaka, na moshi ni bure." Mama mmoja wa Kibondo aliuliza kwa heshima kama taa za elfu thelathini na tano zinaweza kuendesha pasi. "Zinaweza," akajibu Siti, "ukikunja nguo ukalala juu yake." Yule mama hakuuliza tena. Wala hakununua, lakini hilo hakuna aliyeliona, maana laiki zilikuwa mia tisa.

Ukurasa ulifika watu elfu sita. Watu wakauliza kwenye komenti, "Admini ni nani huyu, mbona moto?" Siti akawa anatembea mjini kama mtu aliyebeba siri ya serikali, huku akimwambia kila mtu.

Dukani alikuwepo fundi, Felisiani, mtu mpole wa kuongea na nyaya kuliko watu. Siku moja alimwomba Siti amwonyeshe zile takwimu za ukurasa, zinazoeleza mashabiki wanakaa wapi. Siti akamfungulia kwa fahari. Dar es Salaam, elfu mbili na mia nane. Mwanza, mia saba. Arusha, Dodoma, Mbeya. Kasulu, mia moja na arobaini. Kibondo hamsini na mbili.

"Hawa wa Dar," akauliza Felisiani, "batri watakuja kuchukua lini?"

"Felisiani, wewe huelewi masoko."

"Kweli sielewi," akakubali, akarudi kwenye nyaya. Lakini kabla hajainama akaongeza, "Na zile batri za mzigo wa Januari zinarudi, dada. Wiki hii tatu. Tunawaambia watu ni nzima, na mimi sina hakika kama ni nzima."

"Umezipima?"

"Bosi ameniambia nizipime kwa mita tu, haraka, zisijaze kaunta. Kwa mita zote ni nzima. Mita haiibebeshi batri mzigo. Ni kama kumpima mtu nguvu akiwa amelala."

Siti alikuwa tayari amegeukia simu. Mtu wa Morogoro alikuwa amemwita malkia.

Mwezi wa tano, Jumatano mchana, ujumbe uliingia kwenye ukurasa mbele ya watu wote. Ulikuwa na picha ya batri juu ya kigoda, nyuma yake ukuta wa matofali ya kuchoma. Uliandikwa hivi:

"Nasarimu sana. Mimi ni Venanti wa Nyakitonto nachaji simu za watu. Nirinunua batiri kwenu mwezi wa piri. Jua rikizama tu nayo inazima. Nimereta mara mbiri mkasema ni nzima mkanirudisha. Naomba msaada wenu. Asanteni."

Siti alisoma. Alijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya soko zima la Kasulu, ya makondakta, ya wauza maharage, ya shule ya msingi aliyosomea. Watu waliozaliwa katika Kiha na kuhamia kwenye Kiswahili wakiwa wakubwa, wakaacha L mahali fulani njiani. Na kwa kuwa yeye alikuwa amehangaika tangu darasa la nne kuhakikisha L zake zote zimekaa mahali pake, neno lile "nimereta" lilimkuna mahali pabaya. Akaandika:

"'Nimereta batiri mara mbiri'! Mzee, batri yetu haina tatizo, kilichozima ni L yako. Ipeleke ikachajiwe kwanza, ndipo uje na ya kwetu."

Akabonyeza. Akacheka peke yake. Felisiani aliinua kichwa, akaangalia, akainama tena.

Jioni ile laiki zilivuka elfu mbili. Mtu wa Dar aliandika, "Nimecheka nimeanguka kitandani." Mwingine, "L imeishiwa chaji." Bwana Shamsi aliisoma kwa sauti mbele ya wageni wake, akaisoma tena mke wake alipoleta chai. Siti alilala usingizi wa mshindi.

Asubuhi alichukua bodaboda kwenda kazini. Kijana wa pikipiki alikuwa akimbeba kila siku na kumwita "dada Nuru". Siku hiyo hakusema kitu mpaka wakafika. Siti alimpa buku, akangoja chenji.

"Chenji sijareta," akasema yule kijana, akimtazama usoni. Akawasha pikipiki na kuondoka.

Siti alidhani ni utani. Akafungua ukurasa. Komenti za usiku, za Dar, zilikuwa juu. Chini yake zilikuwa zimejaa za asubuhi, na hizi hazikuwa za Dar. Ya kwanza iliandikwa na binti aitwaye Claudine Venanti, na haikuwa na tusi hata moja.

"Huyo ni baba yangu. Aliniomba nimwandikie, nikamwambia aandike mwenyewe ili azoee simu. Aliandika kwa saa nzima. Hii ndiyo stakabadhi yenu ya tarehe 11 Februari, namba ya batri ipo. Alisafiri kilomita nyingi mara mbili akiwa ameibeba kwenye pikipiki. Swali letu lilikuwa la batri."

Chini yake watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameandika. Mwalimu wa Heru Juu: "Kwa hiyo sisi tusio na L pesa yetu ina nini?" Muuza dagaa: "Siku ya kununua mbona hakuniuliza L?" Mwingine alikuwa ameweka picha ya batri yake mwenyewe, imekufa, juu ya meza, na neno moja tu: NIMERETA.

Siti alihesabu picha za namna hiyo. Kumi na saba. Akaburuta kidole, zikawa kumi na tisa.

Akafanya alichofanya kila aliyewahi kuumbuka mtandaoni: akafuta. Alifuta jibu lake, akafuta ujumbe wa Mzee Venanti, akafuta na wa Claudine. Kwa dakika kumi ukurasa ulikuwa mtulivu kama msikiti saa tatu asubuhi. Kisha picha za skrini zikaanza kuingia. Kila mtu alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, ya wauguzi, ya kwaya. Sasa ilikuwa na maandishi mapya juu: WAMEFUTA, SISI HATUFUTI.

Bwana Shamsi alifika akiwa na simu sikioni na nyingine mkononi. Aliyempigia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Nyabibuye, Bi Immakulata, ambao walikuwa wameagiza taa sitini.

"Nimekuelewa, mama. Nimekuelewa. Lakini mama... Mama?" Akashusha simu. "Amekata. Amesema nimwambie yule binti wa L kwamba taa sitini zinakwenda kununuliwa kwa Reverien."

Felisiani akazima redio.

"Andika tumeingiliwa," akasema Bwana Shamsi ghafla. "Wezi wa mtandao. Andika ukurasa ulitekwa."

"Bosi, hawataamini."

"Wewe ulivyoandika mengine walikuwa wanaamini? Andika!"

Akaandika: "Ndugu wateja, ukurasa wetu uliingiliwa na wahalifu wa mtandao kuanzia jana saa nane mchana. Tunasikitika kama kuna yeyote aliyekwazika."

Jibu la kwanza lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. "Huyo mhalifu ameingia tangu mwezi wa pili, maana ndiye aliyeniambia nilale juu ya nguo badala ya pasi." Aliyeandika ni yule mama wa Kibondo. La pili: "Wahalifu wa ajabu, mtu akiuliza bei wanamtuma dukani kwenu." La tatu lilitoka kwa Reverien Nkunzimana mwenyewe, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amekaa kimya huku msiba wake wa kudumu ukichekwa na nchi nzima. Aliandika mstari mmoja: "Huku Kibondo batiri mbovu reta tu. Maandishi ya namna zote tunasoma."

Laiki elfu moja na mia tatu. Siti alifungua kuona ni za wapi. Alipopitia aliona majina ya mahali: Nyakitonto, Heru Juu, Nyabibuye, Kibondo, Kasulu, Kasulu, Kasulu. Watu wenye miguu.

Na miguu hiyo ikaja. Siku ya soko, Jumamosi, kabla jua halijapanda vizuri, mlango wa Nuru Bora ulikuwa na foleni. Wengine walibeba batri kichwani, wengine kwenye baiskeli, mmoja kwenye mgongo kwa kitenge kama mtoto. Kila aliyefika kaunta aliiweka chini na kusema kwa sauti ya kusikika mtaani, "Nimereta!" Foleni inaitikia, "Karibu!" Waliokuwa hawana batri walikuja kuitikia tu. Muuza karanga aliuza karanga zote akaenda kuchukua nyingine.

Siti alikuwa nyuma ya kaunta kwa sababu Bwana Shamsi alikataa asiwepo. Walikuja watu waliomfahamu tangu utoto. Bibi Epifania, aliyewahi kumfundisha kusuka ukili, alimwekea mbele taa ndogo isiyowaka na kumuuliza kwa upole wa kuua: "Mwanangu, 'taa' haina L. Naruhusiwa?"

"Shikamoo, bibi," akasema Siti.

"Marahaba. Hiyo nayo haina."

Felisiani hakungoja ruhusa. Alitoa balbu kubwa ya taa ya lori, akaifunga nyaya mbili, akaiunganisha na batri ya kwanza. Mita ilikuwa imesoma volti kumi na mbili nukta saba, nzima kabisa. Balbu ikawaka kwa nguvu, watu wakaguna. Dakika ya nne ikawa ya njano. Dakika ya saba mita ilisoma tisa, na balbu ilikuwa imebaki na uzi mwekundu tu.

"Mnaona," akasema Felisiani, na ilikuwa mara ya kwanza Siti kumsikia akihutubia. "Batri ya namna hii ikikaa ghalani bila kuchajiwa, inaoza ndani. Mabamba yake yanashika utando mgumu. Ukiipima bila mzigo inakudanganya. Mzigo wa Januari nadhani ulikaa ghala la Dar mwaka na zaidi kabla ya kuja."

Alipima thelathini na moja siku hiyo. Ishirini na sita zilikuwa maiti. Mzee wa Nyakitonto alikuwa amesema kweli kwa kila neno, kwa herufi zozote alizotumia.

Bwana Shamsi alikaa juu ya sanduku la nyaya. Alikuwa mfanyabiashara, na hesabu ya mambo haikuhitaji kalamu: kama mara ya kwanza wangempimia yule mzee batri yake kwa balbu, wangejua mapema, wangemdai aliyewauzia, na shauri lingeisha kwa batri moja. Badala yake walimpa kichekesho.

"Nilikuambia uendelee," akamwambia Siti bila kumtazama. "Ni mimi niliyekuambia."

"Ni mimi niliyeandika, bosi."

"Ndiyo. Nayo ni kweli."

Jumapili Siti alikwenda nyumbani Heru Juu, akitarajia kukemewa. Angependa kukemewa. Baba yake, Mzee Salumu, alikuwa amekaa uani akipukuchua maharage. Aliinuka, akampokea mkoba, akamwekea kiti.

"Kalibu, mwanangu," akasema. "Habali za mjini? Balabala ilikuwa nzuli?"

Siti alimtazama. Baba yake alikuwa na miaka sitini na tatu, na hakuna siku aliyowahi kusema hivyo. Alikuwa Muha wa R tupu, mtu wa "rete maji" na "rara sarama". Sasa alikuwa anazungumza polepole, anaangalia kila neno kabla ya kulitoa, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Baba, unafanyaje?"

"Najitahidi. Nimeambiwa L zinatakiwa. Sijui zinakaa wapi, basi naweka kila mahali. Nisije nikakuaibisha."

Hakuwa anatania. Kama angekuwa anatania Siti angejua la kujibu. Utani ndio ilikuwa kazi yake. Mzee Salumu aliendelea na maharage yake. Akasema "mahalage" badala ya maharage, akajaribu tena, akaacha.

Siti alienda jikoni kwa mama yake na kulia kwenye moshi, ambako mtu anaweza kusingizia moshi. Mama hakumbembeleza.

"Nilikufundisha kusema," akasema akigeuza ugali wa muhogo. "Ujiji tulikuwa tunarushiana maneno harusi nzima, watu wanaanguka. Lakini tulimrushia mwenye mdomo wa kurudisha. Hatukumrushia mtu aliyekuja kuomba maji. Wewe umesimama juu ya duka la mwenzio, umeshika jina la duka kama ngao, unamrushia mzee aliyeshika batri mikono miwili. Huo si ulimi, ni uhaba wa haya."

"Mama, watu walicheka."

"Wa wapi?"

Siti akasukuma kuni ndani. Alikuwa ameziona takwimu.

Jumanne aliomba gari la duka na batri mpya, ambayo Felisiani aliichaji siku nzima na kuipima kwa balbu mara mbili. Bwana Shamsi alitaka aende na mpiga picha, ili msamaha uwekwe kwenye ukurasa. Siti alikataa, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia.

Nyakitonto alifika mchana. Kibanda cha Mzee Venanti hakikuwa kigumu kupata, kwa sababu kilikuwa na bango jipya, rangi bado inanuka: CHAJI SIMU KWA MZEE NIMERETA. Watu wanane walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu, akichaji simu tatu kwa batri ya kuazima.

Siti alisalimia kwa Kiswahili, akajieleza yeye ni nani. Benchi zima likageuka.

"Ah," akasema Mzee Venanti. "Ndiye wewe mwenyewe? Nirifikiri ni mwanaume."

"Ni mimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Na batri hii hapa, nzima."

"Batiri weka hapo." Akaigusa, akaipiga kidogo kwa kidole kama mtu anayepima tikiti. "Sasa hiyo radhi. Unaniomba mimi peke yangu ndani ya kibanda, rakini kunitukana uritukana mbere ya watu. Hapo hesabu haikai sawa. Waombe na hawa. Wote ni watu wa R."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Siti aligeukia benchi. Alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, ya kisomi, yenye "kwa niaba ya kampuni". Yote yakaonekana ya kipumbavu. Mwanamke mmoja akauliza kama yeye ni mtoto wa Salumu wa Heru Juu. Akasema ndiyo.

"Basi sema kwa Kiha," akasema yule mwanamke.

Kiha Siti alikijua, kwa maana ya kukisikia. Tangu darasa la nne alikuwa hajakitamka mbele ya watu. Alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa Kiha cha mtoto wa miaka tisa, chenye lafudhi ya Ujiji na maneno mawili aliyoyabadilisha maana; baadaye aliambiwa kwamba badala ya kusema anaona aibu alisema anaona ng'ombe. Benchi likaanguka kwa kicheko. Mzee Venanti alijishika magoti. Mwanamke yule alifuta machozi kwa kitenge, na kijana mmoja alikuwa ameinua simu muda wote.

Siti alisimama pale, masikio yanawaka. Alijua sasa ni nini hasa alichokuwa akiwapa watu kila siku, kwa nini yule mama wa Kibondo hakuuliza tena. Na bado hawa walikuwa wanamcheka huku wakimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema Mzee Venanti. "Uretewe chai. Mimi sina neno na wewe. Binti yangu Craudine ndiye ana neno, na huyo urimi wake ni mrefu, muogope."

Claudine hakumsamehe siku hiyo. Alikuja, akakagua stakabadhi mpya, akaomba dhamana iandikwe kwa maandishi, ikaandikwa, na akasema kwa ufupi kwamba baba yake hakuigusa simu kwa siku nne baada ya lile jibu. Bango lile lilikuwa wazo la Claudine mwenyewe. Kama jina litachekwa, bora lilete wateja. Siti alisema asante.

Video ya ng'ombe ilizunguka wilaya nzima. Watu wa Dar hawakuielewa, haikupata laiki nyingi. Lakini wiki ile wawili watatu waliingia dukani wakitabasamu, wakanunua nyaya.

Mambo hayakurudi yote. Taa sitini za Nyabibuye zilinunuliwa Kibondo, na akina mama wale hawakurudi Nuru Bora tena. Batri za Januari zilibadilishwa zote, moja moja, na Bwana Shamsi aligombana na aliyemuuzia mpaka mwisho wa mwaka. Ukurasa alipewa Felisiani. Posti yake ya kwanza ilisema: "Chaji ya batri isishuke chini ya nusu. Tukiletewa mbovu tunapima kwa mzigo mbele yako." Alipata laiki kumi na moja. Siti alizifungua moja moja kwa mazoea: kumi za Kasulu na moja ya Nyakitonto.

Mzee Salumu ilimchukua karibu miezi miwili kurudi kwenye R zake. Siku moja alimpigia simu binti yake kumwambia mvua imenyesha, akasema "maharage yameota vizuri, arhamdurirahi," na Siti, aliyekuwa anafunga paneli ya mteja, alilazimika kumwomba mteja amsubiri kidogo.

Mwaka 2015, baada ya mwezi wa Ramadhani, kampuni moja kutoka Mwanza ilifungua duka la sola upande wa pili wa barabara, lenye bango refu kuliko jengo. Bango lilisema: TAA ZETU ZINAKUJUA. Bwana Shamsi alisimama mlangoni akilitazama asubuhi nzima. Vidole vyake vilikuwa vinacheza.

"Binti," akasema hatimaye. "Moja tu. Hawa si wateja. Hawa wana mdomo."

Siti alilisoma bango lile. Lilikuja jibu lenyewe, tamu, limekamilika, likamkaa kwenye ncha ya ulimi.

"Andika wewe, bosi," akasema. "Jina la duka ni lako."

Bwana Shamsi akachukua simu, akakaa juu ya kiti kirefu cha kaunta, akavaa miwani. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akasogeza simu mbali, akaisoma midomo ikicheza, akafuta. Mteja aliingia akauliza bei ya swichi, akahudumiwa, akaondoka. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa bado anaandika, na kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili: "Nyie nao."